Lebo Ibadilike, Chupa Ibaki

Muuza asali akiomba lebo ibadilishwe kwa mara ya tano, mbunifu hana haja ya kuikunja upya kwenye picha ya chupa. Katika Adobe Photoshop, chora kwanza mstatili wenye vipimo kamili vya lebo, bofya tabaka lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Convert to Smart Object. Baada ya hapo likunje kwa Warp lifuate mviringo wa chupa, na kivuli ukiweke kwenye tabaka la juu yake.

Mabadiliko yakija, bofya mara mbili kijipicha cha tabaka la lebo. Lebo itafunguka peke yake, ikiwa bapa. Weka muundo mpya, hifadhi kwa Ctrl+S, na chupa itavaa lebo mpya yenye mkunjo uleule.

Usibadilishe vipimo vya faili hilo la ndani, maana lebo itahama au itavutika. Tena, nakala ya Ctrl+J hubadilika pamoja na ya kwanza. Kwa chupa yenye lebo tofauti, tumia New Smart Object via Copy.