Hedifoni Zimeungana, Muziki Hausikiki

Mwalimu mmoja aliingia kibandani kwangu, karibu na steji ya magari hapa Machakos mjini, hedifoni kubwa zikimning'inia shingoni. "Fundi, hizi zimekufa," akasema. "Simu inasema zimeungana, lakini sisikii kitu tangu jana." Nilichukua simu yangu nikampigia. Hedifoni zikaita, akapokea, tukaongea tukiwa tumetazamana kama watoto. Sauti yangu ilimfikia vizuri na yake ikanifikia.

Simu hiyo ya sekunde ishirini ilinionyesha kwamba betri ina moto, spika zote mbili ni nzima, maikrofoni inashika, na Bluetooth yenyewe inafanya kazi. Kilichobaki ni muziki tu, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu hawajui kwamba muziki na mazungumzo havipiti njia moja.

Ukioanisha simu na hedifoni, vifaa hivyo hupeana ufunguo wa siri, kila kimoja kikauhifadhi. Ni kama watu wawili waliopeana namba: wanajuana, lakini hakuna aliyepiga. Kuungana ni hatua nyingine, na ndani ya kuungana kuna njia zaidi ya moja. Ile ya muziki huitwa A2DP. Inabeba sauti ya pande mbili, kushoto na kulia, kwenda sikioni tu. Ile ya mazungumzo huitwa HFP. Inakwenda na kurudi, na ndiyo inayotumia maikrofoni. Kila njia hufunguliwa kwa makubaliano yake. Moja inaweza kukubali na nyingine ikakataa, huku jina la hedifoni likikaa pale kwenye kioo kana kwamba mambo ni shwari. Kuna simu za Android zinazosema ukweli wote, zikaandika "Connected (no media)", lakini nani husoma mabano?

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, cheza wimbo kisha sikiliza simu yenyewe. Wimbo ukitoka kwenye spika ya simu, njia ya muziki haijafunguka. Simu ikinyamaza na hedifoni zikinyamaza, huenda njia iko wazi na sauti imekwama mbele: labda imeshushwa hadi sufuri. Hapa kuna mtego. Android huweka kiwango cha sauti cha spika ya simu mbali na kile cha hedifoni. Mwalimu alikuwa ameshusha cha spika hadi chini kabisa asisumbue darasa, ndiyo maana hakusikia popote, akaamini ni hedifoni zilizokufa. Nilipopandisha, benga ikalipuka kutoka kwenye simu na wateja wawili wakageuka.

Basi njia ya muziki ilikuwa imefungwa. Tuliingia kwenye mipangilio ya Bluetooth, tukagusa alama ya gurudumu kando ya jina la hedifoni. Hapo hukaa swichi mbili au tatu. Moja imeandikwa "Phone calls" au "Calls", nyingine "Media audio" au "Audio". Hiyo ya pili ilikuwa imezimwa. Mara nyingi kuiwasha tu kunamaliza kazi, na mteja huona aibu kulipa. Yake ilikubali kwa sekunde mbili, kisha ikarudi yenyewe.

Swichi inayorudi yenyewe hunifanya niulize swali moja: hedifoni hizi zimewahi kuunganishwa na kifaa gani kingine? Mwalimu alifikiri, kisha akafungua mkoba na kutoa tableti ndogo anayofundishia. Ilikuwa imewaka, Bluetooth wazi. Zipo hedifoni zinazokubali vifaa viwili kwa wakati mmoja, na baadhi yake hukipa kimoja muziki na kingine mazungumzo. Tableti ilikuwa imekalia njia ya muziki, ikiwa kimya ndani ya mkoba. Tulizima Bluetooth ya tableti, tukazima hedifoni, tukahesabu hadi kumi, tukaziwasha. Swichi ikakaa na benga ikahamia masikioni.

Ningeweza kumwacha aende, lakini kesho angewasha tableti na mambo yarudi yaleyale. Hapo ndipo kufuta kunapofaa, na ni lazima kufanywe pande zote mbili. Watu hubonyeza "Forget" kwenye simu wakadhani wamemaliza, ilhali hedifoni bado zinakumbuka vifaa zilivyowahi kujuana navyo. Tulibonyeza "Forget" kwenye simu, tukabonyeza kwenye tableti, kisha tukazisafisha hedifoni zenyewe. Vitufe vya kushikilia hutofautiana kwa kila aina, kwa hiyo tafuta ile karatasi ya maelezo iliyokuja kwenye boksi. Kwa mfano, Sony WH-1000XM4 hushikiliwa kitufe cha kuwashia pamoja na CUSTOM, zikiwa zimezimwa. AirPods zenye kitufe nyuma ya kijaluba hushikiliwa kitufe hicho, kifuniko kikiwa wazi. Baada ya hapo oanisha kifaa unachokitumia zaidi, peke yake.

Hayo yote yakishindikana, simu ina dawa kali zaidi, iitwayo "Reset Bluetooth & Wi-Fi" au jina linalokaribiana nalo. Hiyo hufuta vifaa vyote vilivyooanishwa na nywila zote za Wi-Fi, basi ziandike kwanza. Picha, jumbe na M-Pesa haizigusi. Tahadhari yangu ni moja: katika menyu hiyohiyo, sentimita moja chini, hukaa "Erase all data". Soma neno kwa neno kabla kidole hakijashuka.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos huniletea aina nyingine ya kimya, ya kompyuta. Windows 10 huonyesha hedifoni moja kwa majina mawili, moja lina neno "Stereo" na jingine "Hands-Free". Programu ya mkutano ikishika maikrofoni, hedifoni huhamia njia ya mazungumzo, na chochote kinachopelekwa kwenye "Stereo" hakisikiki. Funga programu ya mkutano kabisa, au chagua jina moja kwa kazi zote.

Na hedifoni zikikataa muziki na mazungumzo, kwenye simu mbili tofauti, baada ya kusafishwa na kujazwa chaji? Hapo si suala la mipangilio tena. Huenda ni waya uliokatika karibu na bawaba au bodi iliyoingia jasho, na bei ya kuzifungua mara nyingi haiko mbali na bei ya nyingine.

Lakini mara nyingine hakuna kilichoharibika. Wiki hiyohiyo alikuja mama anayeuza mboga, akilalamika kwamba visikizi vyake vipya visivyo na waya vinacheza nyimbo zote ila Musyi FM. Alikuwa anatumia redio iliyomo ndani ya simu. Redio hiyo hushika mawimbi kwa kutumia waya wa visikizi kama antena. Bila waya mara nyingi haifunguki, na hata ikifunguka simu nyingi haziwezi kuipitisha sauti yake kwenye Bluetooth. "Mama, hapa hakuna cha kufuta," nikamwambia. "Ni usikilize kwa intaneti ule bando, au uchomeke waya." Alitazama visikizi vyake vipya, akavirudisha kwenye kijaluba, akauliza vile vya waya ni pesa ngapi.