Nitaondoaje Kayongo? Maswali na Majibu Mafupi Katika Maelezo ya Video

Sehemu ya maswali na majibu ni maandishi mafupi yanayoongezwa kwenye maelezo ya video au ya bidhaa. Ndani yake kila swali limeandikwa kama mtu anavyoliuliza kwa kinywa, na kila jibu linakamilika kwa sentensi mbili au tatu. Inamlenga mtu ambaye hachapi maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, bali anashika simu na kuiuliza. Kwa Kiswahili jambo hili liliwezekana kwa wengi kuanzia Agosti 2017, Google ilipokiongeza, pamoja na Kiamhari, katika lugha zinazotambuliwa na huduma yake ya kuandika na kutafuta kwa sauti.

Anayechapa hubana maneno, kwa kuwa kuchapa ni kazi: "dawa kayongo mahindi". Anayesema hana sababu ya kubana. Husema "nitaondoaje kayongo kwenye mahindi yangu", au "mahindi yangu yameshikwa na kayongo, nifanye nini". Kwa Kiswahili umbali kati ya mitindo hii miwili ni mkubwa, maana kitenzi hubeba mtendaji, wakati na hata swali lenyewe katika neno moja. "Kuondoa", "nitaondoaje", "niiondoe vipi" na "huondolewaje" ni jambo lilelile kwa msikilizaji, lakini kwa mashine inayolinganisha herufi ni maumbo manne tofauti. Mitambo ya kutafuta imepiga hatua. Mwaka 2013 Google ilibadilisha mtambo wake ili usome sentensi nzima badala ya neno mojamoja, na Desemba 2019 mfumo wake wa lugha uitwao BERT ukapelekwa kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Hata hivyo mifumo ya aina hii hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache. Kwa hiyo umbo la neno lililoandikwa bado lina uzito, na maelezo yenye "kuondoa" peke yake humwacha nje mtu aliyesema "nitaondoaje".

Butere, katika kaunti ya Kakamega, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa karibu, na kayongo ndiyo mfano unaofaa. Kayongo ni gugu lenye maua ya zambarau, ambalo mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya chakula chake. Wanasayansi huliita Striga hermonthica, na ni adui wa siku nyingi wa mashamba ya magharibi mwa Kenya. Kayongo ni jina la Kijaluo lililoenea mbali; Waluhya wengi husema oluyongo; Tanzania gugu hili hujulikana kama kiduha. Mtu mmoja hutafuta kwa jina moja tu, lile alilokua nalo. Kichwa cha video hakiwezi kubeba majina yote matatu bila kuonekana kama orodha, lakini maelezo yanaweza kuyabeba bila kulazimisha.

Tuchukue video ya dakika nane, iliyopigwa kwenye shamba la mahindi, inayofundisha mbinu ya sukuma-vuta. Mbinu hiyo ilibuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa kituo cha Icipe huko Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, wakishirikiana na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza na wataalamu wa kilimo wa Kenya. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na nepia au brakiaria huzungushwa kingoni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa vipekecha shina, na nyasi za kingoni huwavuta. Kwa upande wa kayongo, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za gugu hilo, na nyingine zinazozuia chipukizi lisijishikize kwenye mahindi, hivyo likafa kabla halijaona jua. Mwenye video ameandika maelezo ya mistari miwili: "Sukuma-vuta. Teknolojia bora kwa mkulima." Hakuna mkulima mwenye kayongo shambani atakayetamka maneno hayo.

Hatua ya kwanza ni kukusanya maswali, na mahali pa kuyakusanya si mezani. Mwenye duka la agroveti karibu na soko huyasikia kila siku msimu wa kupanda unapoanza, na akiyaandika kwenye daftari kwa wiki mbili atakuwa na hazina. Yaandikwe yalivyotamkwa. Jambo litakaloonekana mapema ni kwamba wengi hawaulizi kwa jina la gugu, wala kwa jina la mbinu. Wanauliza kwa dalili: "Mwanangu, mahindi yamekuwa ya manjano na yamedumaa, na chini kuna maua ya zambarau. Ni ugonjwa gani?" Swali hili lina thamani kuliko yote, kwa kuwa anayeliuliza hajui bado neno la kutafuta. Chanzo cha pili ni kisanduku cha kutafutia chenyewe. Ukianza kuchapa "kayongo ni" au "jinsi ya kuondoa k", kinakamilisha kwa maneno ambayo watu wengine wametafuta.

Kisha kila swali lijaribiwe kwa sauti. Mtu alitamke kwenye simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili, kisha asome simu imeandika nini. Majina ya kienyeji kama oluyongo huweza kukatwa vipande au kugeuzwa neno lingine, na hapo ndipo ilipo tofauti kati ya swali linaloulizwa na swali linalofika kwenye mtambo. Neno lisilotambulika lisiachiwe kubeba swali peke yake; liwekwe ndani ya jibu, na swali lijengwe kwa maneno ambayo simu huyaandika sawasawa, kama "gugu la zambarau kwenye mahindi". Makosa ya upatanisho wa ngeli yasinakiliwe. Anayesema "mahindi imekauka" atapata jibu lililoandikwa "mahindi yamekauka", mradi maneno makuu ni yaleyale.

Jibu nalo lina kanuni zake, na zote zinatokana na sikio. Maneno 30 yakisomwa kwa sauti huchukua kama robo dakika. Zaidi ya hapo msikilizaji husahau mwanzo. Sentensi ya kwanza iwe ndiyo jibu, si utangulizi. Jambo kuu ni kwamba jibu lisimame peke yake, kwa sababu linaweza kuchukuliwa na kuonyeshwa mbali na maelezo yaliyobaki. "Kama ilivyosemwa hapo juu" haina maana pale ambapo hapana juu. "Iondoe kabla haijachanua" nayo haimwambii mtu ni nini kinachoondolewa, maana kiwakilishi kimebaki bila nomino yake. Nomino irudiwe hata kama katika insha ya kawaida ingechosha.

Maelezo ya video ile yakiandikwa upya, sehemu yake kuu ingekuwa hivi:

```
Jinsi ya kuondoa kayongo (oluyongo, kiduha) kwenye mahindi.

Nitaondoaje kayongo kwenye mahindi?
Ng'oa kayongo kabla haijachanua, na panda desmodiamu
katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu
huzuia kayongo kushika mizizi ya mahindi.

Kwa nini kayongo hurudi kila mwaka?
Mmea mmoja wa kayongo hutoa maelfu ya mbegu ndogo
kama vumbi. Mbegu hizo huishi udongoni miaka mingi
zikingoja mizizi ya mahindi.

0:00 Mahindi ya manjano yenye maua ya zambarau chini
1:20 Kwa nini kayongo hurudi kila mwaka?
3:05 Nitaondoaje kayongo kwenye mahindi?
6:40 Desmodiamu hupandwa lini?
```

Mstari wa kwanza umeandikwa kwa anayechapa, ndiyo maana una "jinsi ya kuondoa". Huo ndio unaoonekana kabla mtazamaji hajafungua maelezo yote. Maswali yanafuata kwa anayesema. Mwishoni zimewekwa nyakati, nazo hufanya kazi ambayo jibu la maandishi haliwezi: humpeleka mtu moja kwa moja pale ambapo mkono unaonekana ukifukia mbegu za desmodiamu. YouTube huzigeuza kuwa sura za video iwapo ya kwanza ni 0:00, ziko angalau tatu kwa mfuatano wa kupanda, na kila sura ina sekunde 10 au zaidi.

Hapo pana mtego mdogo. Namba yoyote yenye nukta mbili na tarakimu mbili nyuma yake husomwa kuwa wakati ndani ya video. Mtu akiandika katika jibu kwamba dawa ichanganywe na maji kwa uwiano wa 1:10, namba hiyo inageuka kiungo cha dakika ya kwanza na sekunde ya kumi, na mfuatano wa sura unaweza kuvurugika. Ni salama zaidi kuandika "kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo kumi vya maji". Maneno hayo pia husomeka vizuri kwa sauti.

Maelezo ya YouTube hayazidi herufi 5,000, lakini kikomo cha kweli huja mapema zaidi. Maswali matatu hadi matano yanatosha. Kuandika swali lilelile mara kumi kwa viambishi tofauti ni kurundika maneno, jambo ambalo YouTube inalikataza katika kanuni zake, na msomaji hulitambua mara moja. Video isiyojibu swali haiokolewi na maelezo, kwa sababu mtambo hutazama pia kama watu wanabaki kuitazama. Wanaouza kwenye tovuti zao wenyewe nao wajue kwamba alama za FAQPage, zilizowahi kuonyesha maswali na majibu moja kwa moja katika matokeo ya Google, hazileti tena faida hiyo kwa wengi. Agosti 2023 Google ilizibakiza kwa tovuti za serikali na za afya zinazoaminika. Kilichobaki na nguvu ni maneno yenyewe.

Kujua kama kazi imezaa kunahitaji subira na kalenda. Katika YouTube Studio, chini ya chanzo kiitwacho `YouTube search`, huonekana maneno yaliyowaleta watazamaji. Hakuna safu inayosema nani alichapa na nani alisema, lakini urefu wa maneno na viambishi kama "nita-" na "-je" hudokeza. Yahesabiwe maneno marefu ya namna hiyo kabla ya mabadiliko na baada yake. Ila Januari isilinganishwe na Mei. Butere hupanda mvua ndefu zinapoanza, mwezi Machi, na kayongo huchomoza wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo maswali yangepanda Aprili na Mei hata kama hakuna aliyegusa maelezo. Ulinganisho wa haki ni wa mwezi uleule wa mwaka uliotangulia. Na kwa video mpya, ni kati ya swali na swali ndani ya msimu mmoja. Swali linaloleta watu wanaoondoka baada ya sekunde chache lina jibu baya, au lina wakati uliowekwa mbali na jibu. Kabla ya kufuta swali, isikilizwe ile dakika ya 3:05, na kama maneno "desmodiamu katikati ya mistari" hayasikiki hadi 3:50, wakati huo ndio wa kusogezwa.