Je, Wajua? Picha Unayoichezea na Picha Unayoirekodi Hazifiki Pamoja

Je, wajua kuwa kadi ya kunasa video hutoa picha mbili za gemu moja, na kwamba moja ya picha hizo daima iko nyuma ya mwenzake? Kwa kawaida kisanduku hiki cha ukubwa wa kiganja kina matundu mawili ya HDMI na moja la USB. Tundu la kwanza la HDMI hupokea waya kutoka kwenye konsoli, la pili hupeleka picha kwenye monita, na lile la USB huipeleka kwenye kompyuta, ambako programu kama OBS hurekodi au kurusha mbashara. Mtu akiacha wazi tundu la kwenda kwenye monita, akacheza huku anatazama dirisha la OBS, gemu linaonekana sawasawa lakini padi inakuwa nzito: anabonyeza, halafu anasubiri. Padi haina kosa. Hoja yangu ni kwamba picha ya kuchezea na picha ya kurekodi lazima zipite njia mbili, na kwamba njia ya monita ina wepesi kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa kadi haiifanyii kazi yoyote picha inayopita humo. Ukishalielewa hilo, utaona pia kwamba matatizo mengi yanayobaki hayahusu mwendo wa picha bali makubaliano kati ya vifaa.

Tuanze na njia ya monita. Konsoli haitumi picha nzima kwa mkupuo. Huituma nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, kuanzia juu kushuka chini. Kwenye picha ya 1080p inayobadilika mara 60 kwa sekunde, fremu moja huchukua takriban milisekunde 16.7 kufika yote, na mstari mmoja huchukua takriban sehemu 15 za milioni za sekunde. Ndani ya kadi kuna chipu inayopokea mtiririko huo na kuunakili papo hapo: nakala moja inaendelea na safari kuelekea monita, nyingine inageukia upande wa USB. Chipu haingoji fremu ikamilike. Hata kama ingeshikilia mistari kadhaa kabla ya kuiachia, kuchelewa huko kungebaki chini sana ya milisekunde moja, kiasi ambacho hakuna kidole wala jicho la kukihisi. Ndiyo maana watengenezaji huthubutu kusema njia hii haina kuchelewa. Kwa hesabu kali kuna kidogo, lakini kwa mchezaji ni kama hakuna.

Njia ya USB haiwezi kuwa hivyo, na sababu yake ni ya kimaumbile. Picha ya 1080p kwa fremu 60, ikipelekwa bila kubanwa kwa mfumo wa kawaida wa biti 16 kwa kila nukta, inahitaji karibu gigabiti 2 kila sekunde. USB 2.0 ina uwezo wa gigabiti 0.48 tu, kwa hiyo vikadi vya bei ndogo vinavyotumia njia hiyo hulazimika kuibana picha kwanza, na kompyuta hulazimika kuifumua. USB ya gigabiti 5 huibeba 1080p bila shida, lakini 4K ya fremu 60 kwa mfumo huohuo inahitaji karibu gigabiti 8, nayo haiingii. Hata pale ambapo waya unatosha, kompyuta hungoja fremu ikamilike, huziweka kadhaa kwenye akiba ili video isikatikekatike, huichanganya fremu na mandhari ya OBS, kisha huipeleka kwenye skrini yake. Kila hatua huongeza fremu moja au zaidi. Kwa rekodi hilo si dhambi, kwa kuwa mtazamaji wa kesho hajali video ilichelewa kiasi gani kuingia kwenye diski. Kwa mchezaji aliyeshika padi, hiyo ndiyo habari yote.

Chukua Tekken, gemu la mapigano linaloendeshwa kwa fremu 60 kwa sekunde. Ngumi zake za haraka zaidi hufika katika fremu 10, yaani takriban milisekunde 167. Tuseme picha ya OBS imechelewa kwa milisekunde 100. Hizo ni fremu 6. Ngumi unayoiona ikianza kunyanyuka kwenye dirisha la OBS imeshamaliza zaidi ya nusu ya safari yake ndani ya konsoli, na unabakiwa na fremu 4 za kuona, kuamua na kubonyeza. Haiwezekani kwa binadamu. Kwa upande wa kandanda madhara yake si ya ghafla namna hiyo, lakini yapo: pasi inatoka baada ya beki kuziba njia, na mchezaji anajilaumu kwa uzembe ambao si wake.

Kwa hiyo chomeka monita kwenye tundu la pili na suala la kuchelewa limekwisha. Hapo ndipo linapoanza suala la picha kuonekana inavyostahili. Kabla konsoli haijatuma chochote, huiuliza skrini inaweza kupokea nini, nayo skrini hujibu kwa orodha iitwayo EDID: ukubwa wa picha, idadi ya fremu, aina za rangi. Kadi ikikaa katikati, inakuwa kama mshenga: konsoli haizungumzi tena na skrini uso kwa uso, bali husikia kile ambacho kadi imechagua kukisema. Kadi inaweza kupeleka orodha ya skrini kama ilivyo, kupeleka orodha yake yenyewe, au kuchanganya zote mbili. Konsoli hutii inachoambiwa, na aliye dhaifu kuliko wote katika mlolongo ndiye huweka kikomo.

Tazama mfano kamili. Una PlayStation 5 na runinga inayopokea 4K kwa fremu 120, na katikati umeweka Elgato HD60 X, kadi iliyotoka mwaka 2022. Kadi hiyo hupitisha 4K kwa fremu 60, au 1440p kwa fremu 120, na kwa upande wa USB hurekodi 1080p kwa fremu 60 au 4K kwa fremu 30. Ukiwasha gemu, zile fremu 120 za 4K ulizozoea hazipo. Runinga ni nzima na konsoli ni nzima. Ni kwamba 4K ya fremu 120 haipiti kwenye HDMI ya kadi hii. Fungua `Screen and Video` kwenye mipangilio ya PS5, tafuta `Video Output Information`, na utasoma hasa kinachotumwa wakati huo. Sasa una njia tatu. Unaweza kuridhika na 4K ya fremu 60. Unaweza kuchagua 1440p, ambayo PS5 ilianza kuitoa Septemba 2022, ukazirudisha fremu 120 ikiwa skrini yako inaikubali. Au unanunua kadi yenye HDMI 2.1, kama 4K X ya mwaka 2023, inayopitisha 4K kwa zaidi ya fremu 120. Angalia kuwa katika njia zote tatu rekodi inaweza kubaki 1080p, na wewe usione tofauti yoyote kwenye monita. Huo ndio uzuri wa kutenganisha njia.

Utengano huohuo ndio unaokuonyesha kosa liko wapi. Kanuni ni rahisi: picha ikiharibika kwenye monita, kagua makubaliano ya HDMI; ikiwa nzuri kwenye monita na mbaya kwenye rekodi, kagua upande wa USB. Picha ya HDR ni mfano mzuri. PS5 ikituma HDR, monita inayoielewa huionyesha kwa rangi zilizokolea, ilhali rekodi hutoka imepauka kana kwamba imefunikwa na ukungu, kwa sababu OBS imezipokea rangi hizo ikidhani ni za kawaida. Kuhangaika na vitufe vya monita hakutasaidia kitu. Zima HDR kwenye konsoli, au washa ubadilishaji wa rangi kwenye programu ya kadi kama upo. Rekodi nyeusi tii huku monita ikionyesha gemu vizuri ina chanzo kingine: ni HDCP, ulinzi wa hakimiliki ambao unaruhusu skrini na kuikatalia kadi kunasa. Kwenye PS5 huzimwa kwa kufuata `System`, kisha `HDMI`, kisha `Enable HDCP`, na ukishauzima programu za filamu hazitacheza mpaka uuwashe tena.

Wapo watakaosema maneno ya watengenezaji hayatoshi, wanataka kupima. Wana haki, na kipimo hakina gharama. Simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde hupiga picha moja kila milisekunde 4 hivi. Weka monita na skrini ya kompyuta ubavu kwa ubavu, rekodi zote mbili kwa simu, kisha bonyeza kitufe kinachofanya tukio la wazi kwenye gemu. Hesabu picha za simu kuanzia monita ilipobadilika hadi dirisha la OBS lilipobadilika. Zikiwa 24, OBS iko nyuma kwa milisekunde 100. Kisha rekodi kidole kikibonyeza, mara kadhaa kadi ikiwa katikati na mara kadhaa waya ukienda moja kwa moja kwenye monita. Majibu hayatalingana kabisa, kwa kuwa gemu lenyewe husoma padi kwa vipindi, lakini wastani wa makundi hayo mawili unapaswa kuwa karibu sawa. Ile namba 100 usiitupe. Kama sauti yako inaingia kwa maikrofoni iliyochomekwa kwenye kompyuta, itaitangulia picha kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo iandike kwenye `Sync Offset` ya maikrofoni ndani ya OBS, na kelele yako ya goli itafika pamoja na goli.

Pingamizi jingine ni kwamba runinga nyingi zina kuchelewa kwake, hivyo faida ya kadi inamezwa. Ni kweli kwamba kadi haiwezi kuponya runinga inayopamba picha kabla ya kuionyesha. Hiyo dawa yake ni kuwasha hali ya gemu kwenye runinga yenyewe. Lakini ucheleweshaji hujumlishwa, haumezani, na kuongeza fremu 6 za OBS juu ya zile za runinga ni kujiongezea mzigo. Mwingine atasema kigawanyio cha HDMI cha bei nafuu pamoja na kikadi kisicho na tundu la pili vinafanya kazi ileile. Vinaweza, kwa kuwa kanuni ni moja. Ila vigawanyio vingi huchukua orodha ya kifaa dhaifu zaidi na kuishusha picha ya monita yako hadi kiwango cha kikadi, yaani unapata wepesi na kupoteza ubora. Na yupo anayecheza gemu la zamu, la mafumbo au la hadithi, ambaye milisekunde 100 hazimdhuru. Huyo atazame OBS bila wasiwasi. Kwa wengine wote, jambo la kukagua kabla ya kulipia kadi ni kiwango inachopitisha, ambacho huandikwa kando na kile inachorekodi. Namba ya kurekodi itaamua watazamaji wako wataona nini. Namba ya kupitisha itaamua wewe utachezea nini, na hiyo ndiyo inayopaswa kulingana na skrini uliyonayo.