Volti 5 Zinapokutana na Volti 3.3

Anayetaka kujua kiasi cha maji kilichobaki kwenye tangi la juu bila kupanda ngazi mara nyingi huanza na vifaa viwili vya bei nafuu. Cha kwanza ni HC-SR04, kihisi chenye vikopo viwili vya mviringo, ambacho hutoa mlio usiosikika na sikio la binadamu na kupima muda wa mwangwi wake kurudi. Cha pili ni ESP32, mikrokontrola yenye Wi-Fi, inayopokea kipimo hicho na kukifikisha kwenye simu. Waya za kimoja huingia vizuri kwenye pini za kingine, na hakuna chochote kinachomzuia mtu kuviunganisha moja kwa moja. Hapo ndipo penye hatari: kihisi hiki kinatoa ishara ya volti 5, na ESP32 imetengenezwa kupokea volti 3.3.

Katika saketi za dijitali, waya una hali mbili tu, juu au chini. Mikrokontrola ikiipa pini ya TRIG mpigo wa mikrosekunde 10, kihisi hutoa mawimbi manane ya kilohezi 40, kisha hupandisha pini ya ECHO hadi karibu volti 5 na kuiacha hapo mpaka mwangwi urudi. Kila mikrosekunde 58 ni sawa na sentimita 1. Maji yakiwa sentimita 100 chini ya kihisi, ECHO hukaa juu kwa milisekunde 5.8. Ni muda mfupi sana, lakini hurudiwa kila kipimo, usiku na mchana.

Hati ya kiufundi ya Espressif, kampuni ya Shanghai inayotengeneza ESP32, inasema pini haipaswi kupokea zaidi ya volti 0.3 juu ya umeme unaoilisha chipu. Chipu ikilishwa 3.3, kikomo ni 3.6. Kama zilivyo chipu nyingi za aina hii, ndani yake kuna njia za ulinzi zenye kazi ya kupitisha mshtuko mdogo wa umeme tuli, ule wa kidole kilichokauka. Volti 5 zikiingia kwenye pini, njia hizo hulazimika kupitisha mkondo ambao hazikuundwa kuubeba kila siku. Pini inaweza kufa papo hapo. Inaweza pia kuendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa, na hilo ndilo linalowadanganya wengi: wakiona vipimo vinakuja, huamini kwamba hakuna tatizo.

Tofauti hii ya volti ina historia. Volti 5 zilizoeleka tangu miaka ya 1960, enzi za chipu za TTL, na bodi kama Arduino Uno bado inazitumia. Baadaye transista zikawa ndogo zaidi, kuta zake za kuhami zikawa nyembamba, na volti 5 zikawa nyingi mno kwake. Vihisi na chipu nyingi za kisasa zikahamia 3.3 au chini ya hapo, huku vifaa vya zamani vikibaki sokoni.

Kwa ECHO, dawa yake ni rizista tatu za kilohomu 1, zenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu. Moja huunganishwa kutoka ECHO hadi pini ya ESP32. Mbili zilizobaki hufuatana kutoka pini hiyohiyo hadi GND, zikifanya kilohomu 2. Volti zinagawanyika kulingana na ukinzani, na ESP32 inaona sehemu iliyo juu ya zile mbili:

5 × 2000 ÷ (1000 + 2000) = 3.33

Hata umeme wa USB ukipanda hadi 5.25, pini itapata 3.5, bado chini ya kikomo. Nayo 3.33 inatosha kabisa kueleweka, kwani ESP32 huhesabu waya uko juu kuanzia takriban volti 2.5. GND ya kihisi na ya ESP32 lazima ziunganishwe pamoja, la sivyo volti hizo hazina mahali pa kupimiwa.

Ukubwa wa rizista una maana yake. Ohmu 10 na 20 zingeleta hesabu ileile, ila zingedai miliampia 167 kutoka kwa pini isiyoweza kuzitoa. Zile za kilohomu zinavuta chini ya miliampia 2 tu, na pia hupunguza mkondo unaoweza kupenya kwenye ESP32 wakati yenyewe imezimwa na kihisi bado kina umeme.

Upimaji ufanyike kabla pini ya ESP32 haijaunganishwa. Kupima ECHO kwa multimita wakati kihisi kinafanya kazi hakusaidii, kwa sababu mipigo ni mifupi na multimita huonyesha wastani wake. Ni bora kuweka volti 5 za kudumu mahali pa ECHO na kupima pale rizista zinapokutana. Ikisoma karibu 3.3, kazi ni salama. Ikisoma karibu 1.7, rizista zimepinduliwa. Hakuna kitakachoungua, lakini ESP32 huenda isione mpigo na programu ikarudisha sifuri. Ikisoma 5 kamili, upande wa GND haujashika, na hilo ndilo kosa la hatari, kwani kwenye bredibodi waya mmoja uliolegea unatosha kulileta.

Upande wa TRIG, ishara inatoka kwenye volti 3.3 kwenda kwenye kifaa cha volti 5. Hapo hakuna kinachoungua. Swali ni kama itasikika. HC-SR04 kwa kawaida huitambua bila shida. Si kila kifaa kiko hivyo: chipu ya Arduino Uno, ikilishwa volti 5, inahitaji angalau 3.0 ili ihesabu waya uko juu. Ishara ya 3.3 inavuka kwa volti 0.3 tu, na waya mrefu au umeme unaoyumba unaweza kuimeza nafasi hiyo. Dalili yake ni vipimo vinavyokuja na kupotea bila mpangilio.

Mgawanyo wa rizista una mpaka wake, kwani unafaa kwa ishara ya upande mmoja tu. Kihisi cha hewa BME280 cha Bosch, ambacho mwisho wake ni volti 3.6, hutumia I2C, ambako waya uleule hubeba ujumbe wa kwenda na wa kurudi. Kwa kazi hiyo wahandisi wa Philips walieleza mwaka 1997 saketi ya transista moja ya MOSFET kwa kila waya, yenye rizista ya kuvuta juu kila upande. Waya ukiwa umetulia, transista imefungwa, na kila upande unabaki kwenye volti zake. Upande wowote ukishusha waya, transista hufunguka na kuushusha wa pili pia. Bodi ndogo zinazouzwa kwa kazi hii, nyingi zikiwa na transista ya BSS138, ni saketi hiyohiyo. LV huunganishwa na 3.3 na HV na 5. Zikibadilishwa, ulinzi wote umepotea.

Kabla ya kununua chochote, msomaji aangalie jina kamili la kihisi. HC-SR04P, ndugu wa HC-SR04, hufanya kazi kuanzia volti 3. Akiilisha 3.3, ECHO yake haitapita 3.3, na hatahitaji rizista hata moja.