Kumbukumbu Imeongezwa, Seva Haina Habari

Chukua hifadhidata ya PostgreSQL iliyo ndani ya mashine pepe ya Linux, juu ya VMware, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na prosesa 4. Mwisho wa mwezi foleni ya maombi inarefuka, na kuizima saa za kazi haiwezekani. Msimamizi anafungua paneli ya VMware, anapandisha kumbukumbu hadi gigabaiti 16 na prosesa hadi 8, mashine ikiwa kazini. Paneli inakubali. Lakini ndani ya Linux, amri ya `free -h` bado inaonyesha gigabaiti 8 zilezile.

VMware haijadanganya. Imemwarifu mgeni wake kwamba kuna kumbukumbu mpya, na kiini cha Linux kimeipokea na kuikata vipande, kwa kawaida vya megabaiti 128 kila kimoja. Gigabaiti 8 ni vipande 64. Kupokea kipande si kukitumia: kuna Linux zinazokiwasha zenyewe papo hapo, na kuna zinazokiacha kimelala mpaka ziamriwe. Prosesa nazo ni hivyohivyo.

Amri ya `lsmem` ndiyo inayokata shauri. Ikitaja gigabaiti 8 chini ya `Total offline memory`, dawa ni fupi, naye msimamizi huitoa akiwa na mamlaka ya `root`:

```
chmem -e 8g
chcpu -e 4-7
```

Prosesa huhesabiwa kuanzia sifuri, ndiyo maana nne mpya ni namba 4 hadi 7. Lakini kama `lsmem` haionyeshi kabisa hizo gigabaiti za ziada, tatizo liko mapema zaidi: pengine kiini kilijengwa bila uwezo wa kupokea kumbukumbu kikiwa kazini, na hapo hakuna njia ila kuwasha upya.

Sasa `free` inaonyesha 16, na bado PostgreSQL inaweza kuendelea kama zamani. Kipimo chake cha `shared_buffers` husomwa mara moja tu, inapoanza. Hata hivyo nyongeza haipotei, kwa sababu Linux huitumia kuhifadhi kurasa za mafaili yaliyosomwa karibuni, na diski hupumua. Prosesa mpya hufaidisha mara moja zaidi, maana kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato wake na kiini huutupa popote penye nafasi. Programu ya Java iliyowekewa ukomo wa `-Xmx` haivuki ukomo huo hadi ianzishwe upya.

Ruhusa ya nyongeza hii katika VMware huwekwa mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo wa kuifikiria ni anayeiunda, siyo anayeokoa jahazi mwisho wa mwezi. Na mashine ya Linux ya biti 64 iliyoanza na gigabaiti 3 au pungufu isivushwe kiwango hicho ikiwa kazini: inaweza kuganda.