Risala ya Kurasa Nne, Video ya Dakika Moja

Siku ya mahafali dada mkuu husimama na karatasi nne mkononi. Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi... Kabla hajafika kwenye jambo lenyewe, dakika nzima imekwisha. Ndiyo maana video ya dakika moja haipatikani kwa kuikata risala mkia.

Anza na hesabu. Anayesoma kwa utulivu hutumia maneno kama 100 kwa dakika. Kurasa nne zikiwa na maneno 800, katika kila maneno 8 libaki 1. Itifaki yote iondoke. Historia ya shule iondoke, na uhaba wa maji na maabara pia, maana huo alisomewa mgeni rasmi ili asaidie. Mwenye simu hana la kufanya nao.

Sasa tafuta kumbukumbu. Tuchukue risala ya mfano. Ukurasa wa kwanza unasema, "Tunawashukuru walimu kwa kujitoa kwao kwa hali na mali." Sentensi hiyo ingefaa shule yoyote. Lakini ukurasa wa tatu, katikati ya aya, kuna tukio la taa ya pikipiki. Hapo ndipo ilipo video:

"Usiku wa kuamkia mtihani wa moko umeme ulikatika. Mwalimu wa fizikia akaisogeza pikipiki yake mpaka mlangoni, taa ikamulika ubao. Tukamalizia maswali mawili. Mwalimu, asante kwa mwanga ule. Wapishi, walinzi na wazazi wetu, asanteni."

Hayo hayafiki hata nusu dakika. Muda unaobaki ni wa kujitambulisha, kuvuta pumzi na kuonyesha picha ya darasa lile. Shukrani imekuja baada ya tukio, kwa hiyo mtazamaji anajua inashukuriwa nini.

Usikate sauti iliyorekodiwa ukumbini. Ina mwangwi wa spika na vigelegele, na kila mkato utasikika ukiruka. Ni afadhali dada mkuu asome upya katika darasa tupu, simu ikiwa umbali wa mkono.

Bado kuna mitego miwili. Wa kwanza ni sarufi: ukiondoa sentensi yenye "mwalimu" ukaacha "alitumulikia", mtazamaji atajiuliza ni nani huyo. Wa pili ni silabi ya mwisho. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kisha sauti hushuka; mhariri mwenye haraka hukata hapo, na "asanteni" ikatoka "asante". Acha nafasi kidogo baada ya kila neno la mwisho.

Ukimaliza, mwonyeshe mtu ambaye hakuwapo kwenye mahafali. Akiuliza, "Nani huyo mwenye pikipiki?" rudisha neno ulilolikata. Akiuliza, "Yule mwalimu bado yupo?" usiguse tena.