Simu Imejaa na Gemu Inadai Kusasishwa: Usikimbilie Dukani

Gemu ya GB 3 haiingii kwenye nafasi ya GB 3. Simu inapakua faili, kisha inalifungua, na toleo la zamani halitoki mpaka jipya likamilike. Tafuta walau GB 5.

Tuseme una simu ya GB 32. Mfumo na programu ulizozikuta zimekula GB 14, Wotsapu 6, picha na video 5, programu nyingine 6. Umebakiwa na GB 1 tu.

Anza na njia ya bure. Ndani ya Wotsapu fungua Settings, Storage and data, halafu Manage storage. Video kubwa na zile zilizosambazwa mno zimepangwa hapo. Futa zisizo na maana. Kwa simu yetu, GB 3 zinaweza kurudi. Zima na upakuaji wa moja kwa moja, maana video za magrupu zinakula nafasi na bando kwa pamoja.

Angalia pia RAM ya kuongezwa. Simu ya bei nafuu inayotangazwa kuwa na "4+4" huchukua hiyo nne ya pili kutoka kwenye hifadhi yako. Izime, zima simu uwashe tena, upime nafasi. Programu zikianza kujifunga ovyo, rudisha kidogo.

Gharama iliyojificha iko kwenye vitufe viwili vinavyokaa jirani, kwenye sehemu ya hifadhi ya kila programu. Clear cache haina hasara. Clear storage hufuta data ya gemu: unapakua upya kwa bando lako, na kama ulicheza kama mgeni bila akaunti, hatua zote ulizofika zinaweza kupotea. Kufuta gemu ili uiweke upya kuna hatari hiyohiyo. Unganisha akaunti kwanza.

Memori kadi je? Ni rahisi kuliko simu mpya na inapatikana kila kona, lakini usiinunue ukidhani gemu itakaa humo. Simu nyingi hazikubali, na hata pakiwa na kitufe cha kuhamisha, sehemu kubwa ya data mara nyingi hubaki ndani. Kazi yake ni kupokea picha na video ili ndani pawe wazi. Kagua pia tundu: kwenye baadhi ya simu kadi inakaa mahali pa laini ya pili, hivyo utapoteza laini moja.

Kadi bandia ni nyingi. Imeandikwa 128, ndani ina 8. Ijaze nakala za video, kisha fungua zilizoingia mwisho. Zikigoma kucheza, irudishe. Kwa hiyo kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujalipa, na usifute nakala zilizo kwenye simu mpaka kadi ifaulu.

Kama kinachokujazia simu ni picha, nunua kadi. Kama ni gemu zenyewe, kadi ni kupoteza hela bure: toa gemu moja, au weka akiba ya simu ya GB 128.